Sudusi ya Babu na Bibi: Mirathi ya Mume Aliyeacha Mke, Watoto na Wazazi

Wewe usiye Muislamu, lakini una mkwe, shemeji au jirani Muislamu, karibu ukae, maana siku ya msiba huulizwa wote waliopo mkekani.

Leo nazungumzia mirathi ya namna moja tu. Mwanamume Muislamu amefariki. Ameacha mke, ameacha watoto, na baba yake na mama yake mzazi wote wawili wako hai. Nimeichagua hali hii kwa sababu ndiyo inayotokea mtu anapofariki mapema, kwa ajali ya barabarani au maradhi ya ghafla, na watoto bado wadogo. Tena ndiyo mirathi ambayo warithi wawili husahaulika huku wamekaa pale pale, kila mtu anawaona. Warithi hao ni wazazi wa marehemu.

Hawasahauliki kwa ubaya. Watu wanawatazama mayatima, wanamtazama mjane aliye edani, na huruma yote inakwenda huko. Mzee mwenyewe anasema, "Mimi mwanangu nimemzika, mali yake ya nini?" Wengine wanamuunga mkono. Hakuna anayeandika kitu, mkeka unakunjwa, maisha yanaendelea. Baada ya miaka kumi na tano watoto wale wamekuwa watu wazima, wanataka kuuza nyumba ya baba yao, na baba mdogo anasema ana fungu humo. Wanamwita dhalimu. Wanakwenda kwa shehe, na shehe anawaambia kwamba baba yao mdogo anasema kweli. Nataka nikueleze fungu lile limefikaje mikononi mwake, na lingeweza kuwekwa sawa vipi tangu mwanzo.

Tuanze na mafungu. Yako katika Sura ya Nne ya Qurani, An-Nisaa. Aya ya 11 inataja watoto na wazazi, aya ya 12 inataja mume na mke. Marehemu akiwa ameacha mtoto, mke wake hupata thumuni, yaani moja ya nane ya mali. Kama wake ni wawili, watatu au wanne, wote wanagawana thumuni hiyo hiyo moja, sawa kwa sawa. Kila mmoja hana thumuni yake. Baba wa marehemu hupata sudusi, moja ya sita. Mama wa marehemu naye hupata sudusi, moja ya sita. Kinachobaki ni cha watoto iwapo yumo mvulana, na wakiwa wamechanganyika wavulana na wasichana, mvulana hupata mafungu mawili na msichana fungu moja.

Wengine wote hapo wamezuiwa. Kaka na dada wa marehemu hawapati kitu, kwa sababu baba yao yupo na mtoto wa kiume wa marehemu yupo. Babu mzaa baba wa marehemu mwenyewe anazuiwa na baba, na bibi yake anazuiwa na mama. Kwa hiyo siku marehemu anapozikwa, baba mdogo wa wale watoto hana hata senti moja katika mali ile. Likumbuke hilo, maana tutalirudia.

Sasa chukua kalamu na karatasi, tufanye hesabu moja kamili. Tuseme marehemu alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi pale Tanga. Ameacha mke mmoja, watoto wa kiume wawili na wa kike mmoja, na wazazi wake wawili. Ukijumlisha nyumba yake, bidhaa zilizomo dukani, fedha za benki na za kwenye simu, na madeni aliyokuwa akiwadai watu, unapata shilingi milioni 145. Nyumba peke yake imethaminiwa milioni 110.

Hizo milioni 145 bado hazigawiwi. Kwanza zinatoka gharama za maziko kama zimelipwa kwa mali yake, tuseme milioni moja. Kisha yanatoka madeni. Alikuwa anadaiwa na muuza jumla milioni tisa, na mkewe alikuwa hajamaliziwa mahari, milioni mbili. Mahari iliyobaki ni deni kama deni jingine. Mjane analipwa mahari hiyo kwanza, kisha anarudi kuchukua fungu lake la mirathi pamoja na warithi wenzake, na moja halipunguzi jingine. Zimebaki milioni 133.

Baada ya madeni unakuja wasia. Aya inautaja wasia kabla ya deni, lakini wanazuoni wamekubaliana kwamba deni hulipwa kwanza. Wasia hauzidi theluthi ya mali iliyobaki baada ya madeni, na hauendi kwa mrithi ila warithi wengine wakiridhia. Marehemu wetu alikuwa amemlea mtoto wa watu tangu uchanga. Mtoto wa kulea harithi, na yeye alilijua hilo, akamwandikia wasia wa milioni 13. Theluthi ya milioni 133 ni zaidi ya milioni 44, kwa hiyo wasia umepita bila kuhitaji ruhusa ya mtu. Ukitoa hizo 13, mali ya kugawa ni milioni 120 kamili.

Rambirambi hazimo humo. Zile ni fedha walizopewa wafiwa baada ya kifo. Marehemu hakuwahi kuzimiliki, na anayezimiliki ni yule aliyekusudiwa na mtoaji.

Tugawe. Thumuni ya milioni 120 ni milioni 15, hiyo ya mke. Sudusi ni milioni 20, hiyo ya baba. Milioni 20 nyingine ni ya mama. Jumla yao ni milioni 55, na zimebaki 65 za watoto. Wavulana wawili tunawahesabu mafungu manne, msichana fungu moja, jumla matano. Milioni 65 kwa matano ni 13. Basi binti ana milioni 13, na kila mvulana ana milioni 26. Jumlisha zote urudi kwenye 120. Hesabu ya mirathi isiyorudi kwenye jumla yake ina kosa, na hapo hapo unairudia.

Tazama kitu kimoja katika hesabu hii. Baba na mama wa marehemu wamepata sawa, mwanamume na mwanamke, milioni 20 kwa 20. Mama amepata zaidi kuliko mke wa marehemu, na kuliko mjukuu wake wa kike. Anayedhani mirathi ya Kiislamu siku zote humpa mwanamke nusu ya mwanamume hajaisoma aya ya 11 mpaka mwisho. Mbili kwa moja ni kanuni ya watoto wakiwa pamoja, ni ya ndugu wa baba mmoja wakiwa pamoja, na ina nafasi zake nyingine, lakini hapa kwa wazazi haimo.

Na hapo hapo, kwenye 20 za mama mkwe na 15 za mke, ndipo maneno yanapoanzia. Mjane anasema, "Nyumba hii tumejenga wote. Nimeuza dhahabu zangu, mabati haya ni ya kwangu. Leo mama mkwe anipite?" Jibu la malalamiko haya halipatikani kwenye thumuni, kwa sababu thumuni ni thumuni. Linapatikana nyuma, pale tulipokuwa tunaorodhesha mali. Mali ya mke si mali ya marehemu. Kama nusu ya nyumba ni yake kwa haki, basi nusu hiyo inatolewa kwenye orodha kabla ya hesabu yoyote, nayo ni yake yote. Kisha anapata thumuni ya nusu iliyobaki. Kama alimkopesha mumewe, hilo ni deni linalolipwa kabla ya mirathi. Na kama alimpa mumewe zawadi, basi ilishakuwa ya mume.

Tatizo ni kuthibitisha ipi kati ya hizo tatu. Siku ya kikao mjane ataulizwa risiti ya mabati ina jina la nani, fedha za kikoba zilichukuliwa lini na zilikwenda wapi, nani alishuhudia dhahabu ikiuzwa. Wengi hawana hata karatasi moja. Mume na mke wanaojenga pamoja waandike majina yote mawili kwenye hati, au waandikiane karatasi fupi mbele ya mashahidi wawili kwamba nusu, theluthi au robo ni ya mke. Karatasi hiyo inamlinda mjane kuliko hotuba yoyote itakayotolewa siku ya arubaini.

Sasa badilisha kitu kimoja tu. Tuseme marehemu hakuacha mtoto wa kiume. Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, na makosa yenyewe ni ya aina mbili.

Akiwa ameacha binti mmoja tu, pamoja na mke na wazazi, binti hupata nusu. Gawa mali mafungu 24. Mke ana matatu, mama ana manne, baba ana manne, binti ana kumi na mawili. Jumla ni 23, na fungu moja limebaki. Hilo linakwenda kwa baba wa marehemu, kwa sababu baba, mbali na sudusi yake, ndiye asaba wa karibu, yaani mrithi wa kiume anayechukua kilichobaki. Kwa milioni 120, mke ana 15, mama 20, baba 25 na binti 60.

Watu hukosea hapa kwa kumwingiza kaka wa marehemu. Wamesikia kwamba mtu akiacha mabinti peke yao ndugu wa kiume huchukua kilichobaki, na wamesikia sawa, lakini hilo ni pale baba anapokuwa hayupo. Asili yake ni kisa cha Saad bin Rabii, aliyeuawa katika vita vya Uhud. Aliacha mke na mabinti wawili, na ndugu yake akaichukua mali yote. Mjane alikwenda kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, akamshitakia kwamba mabinti wameachwa bila kitu. Hukumu ikatoka: mabinti wapewe theluthi mbili, mama yao thumuni, na ndugu achukue kilichobaki. Baba yake Saad hakuwemo katika mgao ule. Katika hali yetu ya leo baba yupo, na akiwepo baba, ndugu wa marehemu hana nafasi, wawe watoto ni wa kiume au wa kike.

Kosa la pili linatokea mabinti wakiwa wawili au zaidi. Wao hupata theluthi mbili. Ya mafungu 24, theluthi mbili ni 16. Ongeza matatu ya mke, manne ya baba, manne ya mama. Jumla ni 27. Mafungu yamezidi mali. Mtu asiyejua atawapa mabinti kinachobaki, yaani 13, akidhani amefanya kama kwa wavulana. Au atamnyima baba. Yote mawili ni dhuluma. Suluhisho linaitwa auli: mali inagawanywa mafungu 27 badala ya 24, na kila mmoja anachukua idadi yake ile ile ya mafungu. Kila fungu limepungua kidogo, na wote wamepungukiwa kwa kiwango kimoja.

Masala haya yana jina lake katika elimu ya mirathi. Yanaitwa Mimbariya, kwa sababu Sayyidna Ali bin Abi Talib aliulizwa akiwa juu ya mimbari, akajibu papo hapo kwamba thumuni ya yule mwanamke imegeuka kuwa tusui, moja ya tisa. Matatu katika 27 ni moja ya tisa kweli. Kwa milioni zetu 120, mke anapata milioni 13 na laki tatu na kitu, kila mzazi milioni 17 na laki saba na kitu, na kila binti kati ya wale wawili milioni 35 na nusu na kidogo. Auli ilianza kutumika wakati wa Sayyidna Umar, Ibn Abbas akawa na rai tofauti, na Mashia hawaikubali. Lakini madhehebu manne ya Sunni, pamoja na ya Kishafii yanayofuatwa zaidi pwani yetu, yote yanaitumia.

Turudi kwa familia yetu ya Tanga, yenye wavulana wawili na binti mmoja. Mafungu yamejulikana. Lakini milioni 110 kati ya 145 zilikuwa nyumba. Bidhaa na fedha zililipa maziko, madeni na wasia, na baada ya hapo zimebaki milioni kumi tu mkononi. Nyingine zote ni kuta na bati. Kwa hiyo sudusi ya baba wa marehemu, babu wa wale watoto, haiko kwenye bahasha. Imo ndani ya nyumba ambamo mjane na watoto wanalala.

Ndiyo maana watu wanasema, "Tuache kwanza." Na mimi naelewa kwa nini wanasema hivyo. Hakuna anayetaka kumtoa mjane ndani akiwa edani, miezi minne na siku kumi. Lakini kuacha kuuza ni jambo moja, na kuacha kugawa ni jambo jingine. Unaweza kugawa leo bila kuuza kitu. Unaandika kwamba nyumba ina wamiliki sita, kila mmoja na kiasi chake, nao wanaendelea kuishi humo au wanaipangisha na kugawana kodi kwa viwango hivyo hivyo. Wenye uwezo wanaweza kuwanunua wengine. Mrithi mtu mzima anaweza pia kutoka kwa makubaliano, achukue duka au kiwanja badala ya fungu lake. Yote hayo yanawezekana mradi kila mmoja anajua chake ni kipi.

Tusipogawa, angalia kinachofuata. Miaka mitatu baadaye babu anafariki. Sudusi yake, milioni 20, ilikuwa ni mali yake tangu dakika ile mwanawe alipokata roho, hata kama hakuipokea mkononi. Kwa hiyo sasa inarithiwa na warithi wake. Ni nani hao? Mkewe, yaani bibi wa wale watoto, na watoto wake walio hai. Tuseme ni mtoto mmoja wa kiume na wawili wa kike, yaani baba mdogo na mashangazi wawili. Wajukuu hawamo. Mjukuu aliyefiwa na baba yake harithi kwa babu iwapo babu ameacha mtoto wa kiume aliye hai, kwa sababu mtoto wa kiume humzuia mjukuu. Hawachukui nafasi ya baba yao aliyetangulia.

Baada ya muda bibi naye anafariki. Ana sudusi yake mwenyewe, na ana thumuni aliyorithi kwa mumewe. Vyote vinakwenda kwa watoto wake wale wale watatu. Ukipiga hesabu mpaka mwisho, baba mdogo ana milioni 20, na kila shangazi ana milioni 10. Jumla milioni 40. Theluthi ya mali ya marehemu, pamoja na theluthi ya nyumba ambamo mayatima wamekulia, imo mikononi mwa watu ambao siku ya maziko hawakuwa na haki ya senti.

Wanazuoni wa mirathi wanaiita hali hii munasakha: mrithi kufa kabla mali haijagawiwa, na fungu lake kuhamia kwa wengine. Hakuna aliyeiba. Baba mdogo akidai, anadai chake. Na mashangazi wakinyimwa kwa hoja kwamba wameolewa, wamedhulumiwa. Uchungu wa watoto ni kwamba hakuna aliyewaeleza mapema, na wakati wazee walikuwa hai jambo lilikuwa na ufumbuzi rahisi.

Ufumbuzi wenyewe ndio huu, na ni haki ya wazee kuamua, wala hawalazimishwi. Mzee aliyepewa sudusi yake, akaijua kiasi chake, anaweza kuifanyia lolote kati ya matatu. Anaweza kuichukua na kuitumia, na asionewe haya. Amemlea mwana na sasa hana wa kumtunza. Anaweza kuwapa wajukuu kama hiba, wakati ana afya yake. Au anaweza kuwaandikia wajukuu wasia katika mali yake, usiozidi theluthi, kwa sababu maadamu baba yao mdogo yuko hai wao si warithi wake, na wasia kwa asiye mrithi unafaa. Misri, tangu mwaka 1946, imeweka sheria inayowapa wajukuu wa namna hii wasia hata kama babu hakuuandika. Katika fiqhi ya Kishafii tunayoifuata hapa wasia huo hauji wenyewe. Babu asipoandika, haupo.

Lakini neno "nimewaachia" lililosemwa mkekani siku ya tatu ya msiba halitoshi. Mirathi humwingia mtu bila hiari yake, kwa hiyo kusema "sitaki" hakuitoi. Inatoka kwa hiba, na hiba inataka vitu. Mtoaji ajue anatoa nini: si "haki yangu" bali milioni 20 katika mali hii. Ajue anampa nani: wajukuu wote, au wale wadogo tu, au mjane. Na kitu kikabidhiwe. Katika madhehebu ya Kishafii hiba ambayo haijakabidhiwa bado ni mali ya mtoaji, na akifa inarithiwa. Zaidi ya hayo, babu akisema "tumesamehe", amesamehe lake peke yake. Bibi ana sudusi yake, aisemee kwa ulimi wake mwenyewe, na aulizwe faraghani bila wanaume kumzunguka.

Na upande wa pili wa jambo hili ni watoto. Fungu la mtoto mdogo halisamehewi na mtu. Mama hawezi kulitoa, baba mdogo hawezi, hata babu, ambaye katika fiqhi ya Kishafii ndiye wa kwanza kusimamia mali ya mjukuu yatima, hawezi kuligawa sadaka. Analihifadhi, analitumia kwa maslahi ya mtoto, na analikabidhi mtoto akibalehe na kuonekana ana akili ya kutunza mali.

Kwa Tanzania Bara, kazi hii inapita Mahakama ya Mwanzo. Familia inakaa kikao, inaandika muhtasari, inapendekeza msimamizi wa mirathi, na mahakama inamteua. Msimamizi si mmiliki. Jina lake kwenye barua ya uteuzi halimpi hata shilingi zaidi ya fungu lake. Anapaswa, ndani ya miezi minne, kujaza Fomu Na. 5 inayoorodhesha mali na madeni, na baadaye Fomu Na. 6 inayoonyesha mali imekwenda kwa nani. Zanzibar jambo hili liko kwa Kadhi, na Kenya Katiba ya 2010, ibara ya 170, inaitambua Mahakama ya Kadhi kwa mirathi ya Waislamu wanaokubali kwenda huko.

Popote ulipo, kuna njia ya haraka ya kujua kama mirathi ya namna hii imekwenda kombo. Soma orodha ya warithi kwenye muhtasari wa kikao. Kama marehemu alikuwa na wazazi hai na majina yao hayamo, simamisha hapo hapo. Kama limo jina la kaka wa marehemu miongoni mwa warithi na baba yao yupo, simamisha pia. Anaweza kuwa msimamizi, lakini mrithi si yeye. Kama mke na mama wameandikiwa sawa, kuna aliyekosea hesabu. Na kama mirathi ilifunguliwa miaka mingi iliyopita na Fomu Na. 6 haijawahi kujazwa, basi huenda mali hiyo bado haijagawiwa, hata kama kila mtu anaishi kana kwamba imegawiwa.

Nikukumbushe hali moja inayobadilisha kila kitu, maana nchi yetu ina familia nyingi za dini mbili. Marehemu akiwa alisilimu na wazazi wake ni Wakristo, kwa rai ya madhehebu yote manne hawarithi kwake, na sudusi zao hazipo. Mke anapata thumuni na watoto wanachukua kilichobaki. Lakini kwa kuwa si warithi, mlango wa wasia uko wazi kwao mpaka theluthi. Muislamu mwenye wazazi Wakristo anaowatunza kila mwezi, akifa bila wasia, anawaacha bila kitu. Na theluthi ni sawa kabisa na sudusi mbili ambazo wangepata kama wangekuwa Waislamu. Aandike leo, mbele ya mashahidi wawili.

Na wewe ambaye baba yako alifariki zamani, babu na bibi wakiwa hai, na nyumba bado iko kwa jina lake, usingoje mnunuzi aje ndipo muanze kuulizana. Kama babu na bibi bado wapo, nenda kwao na karatasi yenye fungu la kila mmoja, uwaulize wanataka nini, na jibu lao liandikwe na kukamilishwa wangali wazima. Kama walishatangulia, mwite baba yako mdogo na mashangazi zako mapema, kabla hawajakuita wao, na uwahesabie kilicho chao. Kisha mkubaliane: kuuza, kununuliana, au kusameheana kwa maandishi. Fungu la babu lililoandikwa na kufikishwa kwa mwenyewe ni jambo la alasiri moja. Lililoachwa linasubiri kizazi kijacho, na huko litakuta warithi wengi zaidi na mashahidi wachache zaidi.